NUSU SAA YANGU NA KINANDA



Tangu Jumapili ile niliyoketi kwenye kinanda, watu kadhaa wameniandikia kisirisiri wakiuliza swali moja: "Pasta, umejifunzaje na umri huo? Na wakati unaupata wapi?" Nina miaka 51. Nina ng'ombe wawili, kahawa kidogo, migomba, na kondoo wa Bwana ambao simu zao haziishi. Wakati ninaoupata ni nusu saa. Leo niwaeleze jinsi nilivyoipanga hiyo nusu saa, nikianza na jinsi nilivyoiharibu.

Mnakumbuka kijana wetu wa kinanda alipopata nafasi ya chuo Nairobi, Septemba iliyopita. Tulimwombea, tukamchangia nauli, akaenda. Kinanda kikabaki pale mbele kimefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Tukaimba kwa ngoma na kayamba hadi Krismasi. Januari nikasema moyoni, mimi ndiye ninayehubiri kila wiki kuhusu bidii, basi nijaribu. Nikachagua wimbo ninaoupenda katika Tenzi za Rohoni, Yesu Kwetu ni Rafiki, maana niliujua kwa solfa tangu nikiwa kwaya ya vijana.

Wiki tatu nilijitahidi sana. Jumatatu saa nzima. Jumanne hadi Ijumaa, hakuna, kulikuwa na mazishi na mikutano. Jumamosi usiku saa mbili mfululizo hadi mama mchungaji akaniomba nihurumie majirani. Jumapili nikaketi mbele ya kanisa. Mstari wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu mkono wa kushoto ukaenda mahali pasipo pake, nikasimama, nikaanza tena mstari huo, nikasimama tena. Kanisa likamalizia wimbo bila mimi. Nilihubiri siku hiyo nikiwa na jasho la mtu aliyekuwa akilima.

Kuna mzee mmoja upande wa Nkubu, mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Nilimwita. Alikuja, akanywa chai, akaniambia nifanye mazoezi kama kawaida yangu, yeye asikilize tu. Baada ya dakika kumi akaniuliza, "Pasta, unaanguka wapi?" Nikamwambia, mstari wa tatu. Akasema, "Mimi nimehesabu. Mstari wa kwanza umeupiga mara nane. Wa tatu umeupiga mara mbili."

Wapendwa, hilo ndilo lililonivunja. Kila nilipokosea nilirudi mwanzo. Kwa hiyo mahali nilipokuwa tayari ninapajua ndipo palipopata mazoezi, na mahali palipovunjika palipata dakika moja katika kumi. "Wewe unapiga wimbo," akasema mzee. "Hujaanza mazoezi."

Baadaye nimekuja kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, mwaka 2009, waliwapa wapiga piano 17 kipande kifupi kigumu wajifunze, wakawarudisha kesho yake kuwasikia. Waliokipiga vizuri kesho yake hawakuwa wale waliofanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, wala waliorudia mara nyingi zaidi. Walikuwa wale ambao kosa likitokea, walilitafuta liko wapi hasa, wakapunguza mwendo pale pale, wakalirekebisha kabla ya kuendelea. Mzee wetu hakuwa amesoma utafiti huo. Alikuwa amefundisha kwaya za shule tu.

Akaniuliza swali la pili: "Ni nusu saa gani ya siku ambayo hakuna mtu atakayekunyang'anya?" Nikafikiri. Jioni ni ya watu. Mchana ni wa shamba. Nikasema, baada ya kukamua, kabla watoto hawajaamka, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akasema basi dakika ishirini hapo, na kumi usiku kabla ya kulala. Nikamuuliza kwa nini nisimalize zote asubuhi. Akajibu kwamba mkono wa mtu mzima asiyezoea huchoka kabla ya dakika thelathini, na ukichoka unaanza kujifunza makosa. Tena, jambo ulilojifunza alfajiri litakuwa limefifia kufikia usiku, na kule kulitafuta tena ndiko kunakolikaza.

Nilinunua daftari. Kila usiku niliandika mstari mmoja: kesho naanzia wapi. Msidharau jambo hilo. Kabla ya daftari, dakika tano za kwanza zilikwisha nikijiuliza nipige nini, na mtu akijiuliza hivyo hupiga kile anachokiweza.

Mwezi wa kwanza, Februari, mzee aliniondolea wimbo wangu kabisa. Alinionyesha kwamba sauti ya Yesu Kwetu ni Rafiki inatoka so ya chini hadi la ya juu, zaidi ya okteva moja, na vidole vitano haviwezi kufika bila mkono kuhama. Mimi nilikuwa ninarusha mkono huku na huku kama kuku. Akanipa tuni ya Beethoven, ile ya simfonia yake ya tisa ya mwaka 1824, ambayo makanisa mengi huimba kama wimbo wa furaha. Karibu yote inakaa ndani ya do, re, mi, fa, so. Mara moja tu, mwisho wa mstari wa tatu, inashuka kwenye so ya chini. Vidole vitano, vibao vitano, mkono umetulia.

Do yetu ilikuwa C ya katikati. Kwa anayeanza: tafuta vibao vyeusi viwili vilivyo pamoja katikati ya kinanda, kibao cheupe kilicho kushoto kwao tu ndicho C. Kidole gumba ni namba 1, kidogo ni namba 5, mkono wowote.

Dakika ishirini za alfajiri ziligawanywa hivi. Tano za kwanza ni mkono wa kulia peke yake, do hadi so na kurudi, polepole sana, nikitazama mkono. Mikono yangu ni ya jembe na panga. Kidole cha nne kilikataa kabisa kusogea bila cha tano. Nikadhani ni uzee, lakini mzee akaniambia ni maumbile, kano za kidole hicho zimefungamana na za jirani zake, hata kwa watoto. Dawa si kukipiga kwa nguvu. Ukikipiga kwa nguvu bega linapanda, na ukigusa mkono wako chini ya kiwiko utaupata mgumu kama mti. Hiyo ndiyo alama ya kusimama, ukateremsha mabega, ukaanza tena kwa sauti ya chini. Kukiwa na maumivu, funga kinanda siku hiyo. Mimi nilijifanya shujaa wiki ya pili, nikashindwa kukamua vizuri siku mbili.

Dakika kumi zilizofuata zilikuwa za kipande kimoja tu cha tuni, vipimo viwili hivi, si zaidi. Tano za mwisho, mkono wa kushoto vivyo hivyo. Usiku, zile kumi, nilipiga cha alfajiri bila kujifunza kipya. Mikono haikupigwa pamoja hata siku moja mwezi huo. Nilinung'unika, lakini nilitii.

Machi mvua ikaanza. Juu ya mabati sikusikia chochote, nikaazima visikizio vya binti yangu. Mwezi huo ulikuwa wa mkono wa kushoto na zile sauti tatu za pamoja ambazo vijana wetu huziita kodi. (Si ile ya serikali, hii hailipwi.) Nilikuwa nimejifunza kuruka kutoka C hadi F hadi G kwa kunyanyua mkono mzima, na kila mruko ni nafasi ya kuanguka. Mzee alinifundisha kutoruka. Weka kidole 5 kwenye do, 3 kwenye mi, 1 kwenye so: hiyo ni C. Kwenda F, kidole 5 kinabaki palepale kwenye do, kidole 2 kinapiga fa, na gumba linasogea hatua moja hadi la. Kwenda G, anza tena kutoka C: sasa gumba ndilo linalobaki kwenye so, kidole 2 kinapiga fa, na kidole 5 kinashuka hatua moja hadi ti. Kila mara kuna kidole kimoja ambacho hakihami, na hicho ndicho kinachokuonyesha njia.

Dakika kumi kila alfajiri kwa hilo tu: C, F, C, G, C, mipigo minne kila moja. Kipimo chake kilikuwa hiki: je, naweza bila kutazama? Mungu alinisaidia kwa njia ya ajabu. Stima ilipotea jioni nyingi mwezi huo, na kinanda chetu hutumia betri kubwa sita, kwa hiyo nilipiga gizani. Wiki ya nne mkono ulijua nyumbani kwake.

Aprili ndipo nikarudishiwa wimbo wangu, na hapa nataka mnisikilize vizuri.

Mzee alinikataza kuugusa kinanda siku ya kwanza. Tulikaa na karatasi tukaandika mkono wa kushoto unafanya nini mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza: C, F, C, G. Wa pili: C, F, kisha C na G katika kipimo kimoja, na kumalizia C. Wa nne: sawasawa na wa pili. Wa tatu unaanza na G. Mistari mitatu inaanza C kwenda F, na mmoja tu unaanza G kwenda C. Sauti yenyewe pale inaanza na re, ambayo imo ndani ya kodi ya G lakini haimo ndani ya C, ndiyo sababu nikikosea pale hata mtoto wa Sunday School anageuka kunitazama. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa mara mia kwamba mstari huanza na C. Haukuwa mkaidi, ulikuwa mtiifu kwa mafunzo mabaya.

Kwa hiyo wimbo wa mistari minne kumbe una kazi ya mistari miwili. Ukijua wa pili umejua wa nne, na wa kwanza umeujua karibu wote. Tulipanga dakika ishirini za alfajiri zianze na wa tatu, nikiwa bado safi kichwani. Si mstari mzima. Kipimo cha mwisho cha mstari wa pili, kinachoishia C, halafu kile cha G kinachofuata. Kiungo hicho tu. Kulia peke yake, kushoto peke yake, kisha pamoja, simu ikigonga mipigo 50 kwa dakika. Mwendo huo ni wa kobe, wimbo hautambuliki, lakini unapata muda wa kujua unachokwenda kufanya kabla hujakifanya.

Kanuni ilikuwa mara tatu mfululizo bila kosa, kisha ongeza mipigo minne. Nikikosea mara mbili kwa mwendo ule ule, nisijaribu mara ya tatu; nipunguze mwendo au nikate kipande kiwe kifupi. Nilianza Jumatatu kwa 50. Jumatano nilikuwa 58. Alhamisi nikaamka nikapata hata 54 inanishinda, nikaandika kwenye daftari neno moja lisilofaa kuandikwa hapa. Ijumaa 58 tena, Jumamosi 62. Siku ya kurudi nyuma ni ya kawaida. Anzia chini kidogo ya ulipoachia jana, na usimalize kwa kukimbia. Baada ya wiki mbili kiungo kile kilishikana. Nikaunganisha mstari wa tatu na wa nne, kisha wa pili na wa tatu, hivyo nikawa natembea kuelekea mahali ninapopajua vizuri, badala ya kutoka panaponifurahisha kwenda gizani.

Mei mpango ulibadilika. Mkono ulikuwa umepata nguvu, nikaunganisha zote thelathini alfajiri. Tano za ngazi, sasa kwa kupitisha gumba: do re mi kwa 1, 2, 3, kisha gumba linapita chini ya mkono kushika fa. Kumi kwa wimbo mpya. Kumi kwa mahali palipovunjika katika ule wa zamani. Na tano za mwisho, jambo jipya kabisa: kupiga wimbo mzima bila kusimama, hata nyumba ikiungua.

Hili lilinichanganya. Miezi mitatu nimefundishwa kusimama kwenye kosa, sasa naambiwa nisisimame. Mzee akasema ni kazi mbili tofauti na zisichanganywe katika dakika moja. Fundi akitengeneza gari hulisimamisha. Dereva akibeba abiria halisimamishi kwa kila mlio. Kanisa likiimba halikungoji. Kwa hizo tano mama mchungaji aliimba jikoni akisonga, na mimi nikamfuata. Mkono wa kulia ukipotea, uache, wa kushoto uendelee na kodi kwenye mpigo wa kwanza, kisha urukie mwanzo wa mstari unaofuata. Makosa niliyoyasikia niliyaandika kwa ajili ya kesho.

Kuhusu kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE. Kwa C wimbo huu uko chini mno kwa akina mama wetu. Nikiweka +5, vidole vyangu vinapiga C na spika inatoa F, na kanisa linapumua. Mzee aliniruhusu, akisema ni gongo la mgonjwa, nitalitupa siku moja. Bado sijalitupa. Juni nilisahau kukirudisha 0, nikamwambia kijana wa gitaa tuko C, tukaanza. Wazee wa kanisa walidhani ni vita vya kiroho.

Siku zilizokosekana zipo. Februari hadi Julai ni siku 181, na daftari linaonyesha nimekosa 43. Nyingine ni mazishi, nyingine ni uvivu, niseme ukweli. Sheria ilikuwa kwamba siku iliyopotea hailipwi. Ile saa moja ya kulipa deni ndiyo iliyonipeleka kule kwa mwanzo, nikipiga nikiwa nimechoka. Nikikosa siku mbili, ya tatu ni dakika kumi tu za vitu ninavyovijua, kisha mpango unaendelea.

Na sasa hivi ninaweza nini? Nyimbo tatu, zote kwa vidole vya C. Kiongozi wa sifa akipandisha sauti ghafla katikati ya wimbo, ninanyanyua mikono yangu juu na kumsifu Bwana pamoja na wengine. Nota za karatasi nasoma kwa kuhesabu kama mtoto. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji wa hekalu waliofundishwa walikuwa 288, na kura zikapigwa kwa wote, mwalimu na mwanafunzi pamoja. Mimi niko mwisho kabisa wa upande wa wanafunzi.

Mwezi uliopita mama mmoja mzee wa kanisa letu, ambaye miguu haimleti tena ibadani, aliomba kusikia kinanda. Tulikifunga kwenye bodaboda kwa blanketi, betri sita mpya ndani, tukateremka kwake kwenye njia ya matope. Tukakiweka juu ya meza ya chakula. Nikaweka +5, nikaangalia mara mbili. Yeye ndiye aliyechagua mwendo, na ulikuwa wa polepole kuliko nilivyozoea, karibu na ule wa Aprili. Mstari wa kwanza. Wa pili. Nikasikia moyo ukigonga, kidole 5 kikashuka kwenye ti, na G ikatoka kama ilivyotakiwa. Mstari wa nne ndio nilioukosea, ule mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufurahi. Sikusimama. Kushoto kuliendelea, yeye akaendelea, tukafika mwisho pamoja.

Akafungua macho akasema, "Pasta, ubeti wa pili sasa. Na usinikimbize."

Usiku ule niliandika kwenye daftari: Alhamisi, mstari wa nne, kipimo cha C na G, kuanzia 50.